Barua ya Mahitaji ya Kidato cha Kwanza: Tulivyoisoma Mara ya Pili



Kila mwaka matokeo ya PLE yanapotoka na watoto kupangiwa shule, hapa Kampala utawaona wazazi wametembea na karatasi mkononi kutoka duka hadi duka. Karatasi hiyo ni barua ya mahitaji. Upande wa mbele imeandikwa kuwa mtoto amepata nafasi ya bweni na ada ni kiasi fulani, na upande wa nyuma kuna orodha ya vitu. Sisi tumeipokea mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2023, kijana wetu wa kwanza alipoingia kidato cha kwanza, na mara ya pili mwaka 2025 kwa binti yetu. Mara ya kwanza tuliisoma vibaya, na tunaona si haya kueleza, kwa sababu wapo wengi wanaoisoma kama tulivyoisoma sisi.

Kosa letu lilikuwa kununua kwa kufuata orodha kama ilivyoandikwa, kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa kulikuwa na godoro, sanduku la bati, blanketi, mashuka na viatu. Vitu hivyo ndivyo vikubwa, ndivyo vinavyoonekana, na baba mtu alitaka mwanawe aende na vitu vya kueleweka. Tulipofika chini ya ukurasa fedha zilikuwa zimekwisha, na huko chini ndiko kulikoandikwa rimu mbili za karatasi, karatasi za chooni roli 10, fagio la chelewa, fagio laini, na ule mpira wa kukokotea maji sakafuni ambao huku tunauita skwiza. Tukaambizana, haya ni mambo madogo, tutayapeleka siku ya kutembelea.

Basi siku ya kuripoti tulifika getini tukakuta meza imewekwa. Mwalimu ana nakala ya barua ile ile na kalamu nyekundu. Godoro hakuligusa. Blanketi hakulitazama. Aliuliza rimu, karatasi za chooni, fagio na skwiza, akatuonyesha pa kusimama pembeni na wale wengine wasiokuwa navyo. Baba mtu akavuka barabara kwenye duka lililokuwa mbele ya shule, na mwenye duka anajua vizuri siku hiyo ni siku gani, kwa hiyo bei yake ilikuwa ya siku hiyo. Zilizolipa ni zile fedha tulizokuwa tumemwekea kijana za matumizi. Akaingia bwenini na godoro zuri na mfuko mtupu. Sukari ya uji aliinunua kwa kukopa kwa wenzake hadi tulipokwenda kumtembelea, na alikuwa hajatuambia chochote.

Mwaka 2025 barua ya binti yetu ilipokuja, kabla ya kutoka nyumbani kwenda dukani tuliketi na daftari. Mama akachora ukurasa mafungu matatu. Fungu la kwanza aliliita "Ya stoo", la pili "Ya sanduku", la tatu "Haimo". Kisha tukaisoma barua mstari kwa mstari na kila kitu tukakiandika mahali pake.

"Ya stoo" ni vile vinavyopokelewa getini na kuwa mali ya shule. Rimu zinakwenda ofisini kuchapia mitihani, fagio na skwiza zinakwenda kwa msimamizi wa bweni, na karatasi za chooni mara nyingi huingia stoo zote. Mtoto havioni tena. Vitu hivi visinunuliwe kwa kupendeza, vinunuliwe kwa kutimia, tena vinunuliwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Tulikwenda Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, tukiwa wazazi watatu wa mtaa mmoja, tukachukua katoni moja ya rimu, ambayo ina rimu tano, tukagawana na kuongeza moja. Vyote tukavifunga pamoja katika gunia jipya na kubandika juu yake orodha ya vilivyomo. Getini baba alikabidhi gunia, mwalimu akahesabu, akatia alama, tukaomba atuandikie stakabadhi. Iombeni hiyo stakabadhi. Kuna mzazi mwenzetu aliyeambiwa katikati ya muhula kuwa mtoto wake hakuleta rimu, na hakuwa na cha kuonyesha.

Jambo moja kuhusu karatasi za chooni. Barua ikisema roli 10, hizo ni za stoo. Mtoto anahitaji zake mwenyewe sandukuni, zisizopungua nne, kwa sababu asubuhi ya siku ya pili hatajua pa kuziomba.

Fungu la pili, "Ya sanduku", ndilo refu, na humo tuligundua kuwa barua hutaja jina la kitu tu, haitaji kipimo chake. Godoro ndilo mfano mkubwa. Kijana tulimnunulia godoro la futi tatu kwa sita, nene, tukidhani tunamfanyia hisani. Vitanda vya bweni ni vya deka, upana wake futi mbili na nusu. Godoro likaning'inia upande mmoja muhula mzima, na kwa kuwa alilala kitanda cha juu, unene wake ulimpandisha hadi kile chuma cha kuzuia mtu asianguke kikabaki chini ya bega lake. Kwa binti tulinunua la futi mbili na nusu kwa sita, unene wa inchi nne, na juu yake tukaagiza foronya ya kitambaa kigumu yenye zipu. Bwenini vumbi ni jingi, na foronya hufuliwa ila godoro halifuliki.

Chandarua nacho ni hivyo hivyo. Kile cha duara kinachoning'inizwa kwa kamba moja kinafaa chumbani nyumbani. Kwenye deka aliyelala chini hana pa kukitundika kikakunjuka. Kinachotakiwa ni cha pembe nne, pamoja na kamba nne za urefu wa kama mita moja kila moja za kufungia kwenye nguzo za kitanda. Kamba hazimo kwenye barua yoyote, na mtoto asiye na kamba hukunja chandarua akakifanya mto. Sisi wa Uganda hatuhitaji kuambiwa malaria ni nini.

Sanduku tulilichukua Katwe kwa mafundi wa bati. Fundi atakuuliza unataka kubwa au dogo, na ukiwa na mtoto pembeni atasema kubwa. Muulize kwanza mzazi mwenye mtoto pale shuleni sanduku linakaa wapi. Kwa binti yetu yanakaa chini ya kitanda, kwa hiyo urefu wa kwenda juu ndio wa kupima. Kufuli lije na funguo mbili. Kijana wetu alipoteza ufunguo wake wiki ya pili, wakavunja komeo, na sanduku likakaa wazi hadi likizo. Safari hii ufunguo wa pili tulimpa matroni ndani ya bahasha yenye jina la mtoto na namba ya kitanda.

Majina pia tulijifunza. Kalamu ya wino mzito kwenye shuka hufifia baada ya kufuliwa mara chache, na shuka nyeupe zote zinafanana. Fundi cherehani wa soko la Owino alidarizi jina kwa uzi kwenye mashuka, blanketi, taulo na sweta. Beseni na jerikeni tuliandika kwa msumari uliopashwa moto, ubavuni, si chini ya kitako ambako hakuna anayetazama.

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo barua inapowapoteza wengi. Barua inasema "sabuni ya kufulia, miche miwili". Huo ni mzigo wa kuingia nao getini. Wiki mtoto atakazokaa hazikuhesabiwa. Kidato cha kwanza huripoti baada ya wenzao, kwa hiyo muhula wao wa kwanza hautimizi wiki 12. Mwaka ule zilikuwa kama wiki 11. Tulichukua miche miwili, tukakata kila mmoja vipande sita, tukavianika kivulini siku kadhaa vikakauka. Sabuni iliyokauka haimalizwi na maji upesi. Vikawa vipande 12, kimoja kwa wiki na kimoja cha ziada. Faida nyingine ni kuwa kipande kikiibwa au kikiazimwa kisirudi, aliyeumia ni wiki moja. Mwaka 2023 kijana alikwenda na miche mizima, na mmoja ulisahaulika bombani siku ya tatu.

Hesabu iliyokuwa nzito zaidi ilikuwa ya pedi. Barua iliandika "pedi, pakiti mbili". Binti yetu alikuwa na miaka 13 na alikuwa bado hajaanza. Baba mtu, tuseme ukweli, alitaka mstari huo uachwe hadi muhula wa pili. Hata mama alisita, akahofia kumtia mtoto wasiwasi. Aliyetukatalia ni shangazi yake, aliyekuja kutoka Bombo kumuaga. Akasema, "Mnamngoja aanze mbele ya nani? Nyie hamtakuwepo."

Akachukua kalamu akahesabu. Siku tano, pedi nne kwa siku, ni 20 kwa mwezi. Wiki 11 zinaweza kuangukiwa na miezi mitatu, basi 60. Pakiti zetu nyingi zina pedi 8 au 10. Kwa hiyo pakiti mbili za kwenye barua hazitoshi hata mwezi mmoja kwa wengine. Akaongeza kwamba msichana anayeanza siku zake huwa hazina mpangilio, mwezi mmoja huja na mwingine huruka, hivyo hakuna haja ya kujaza sanduku. Tukakubaliana pakiti nne za kuondoka nazo na nyingine tatu tupeleke siku ya kutembelea kama zimetumika. Pamoja nazo aliweka mfuko mdogo wa kitambaa cheusi wenye kamba, chupi sita za ziada za rangi ya giza, na sabuni ya kipande peke yake. Kisha alifunga mlango akakaa na binti karibu saa nzima. Alimwonyesha namna ya kuvaa, kubadilisha na kufunga iliyotumika, wapi pa kuitupa na wapi asiitupe kabisa kwa sababu vyoo vya shule huziba. Na akamfundisha hukumu ya swala na saumu katika siku hizo, maana Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Haya tuliyaandika fungu la tatu, "Haimo", ingawa neno pedi lilikuwemo. Lisilokuwemo ni ile saa moja ya shangazi.

Fungu hili la tatu lilikuwa na vitu vichache, lakini ndiyo tuliyoshukuru zaidi. Shule aliyopangiwa si ya Waislamu, na barua haikutaja hijabu wala haikuikataza. Hatukusubiri getini. Mama alimpigia simu naibu mkuu wa shule akauliza rangi na aina. Akajibiwa: ya bluu iliyoiva kama sweta, kitambaa cha pamba, fupi ya mabegani, bila mapambo wala pini zenye vito. Tukashona nne, na siku ya kuripoti baba alimkumbusha mwalimu wa zamu ni nani aliyeruhusu. Barua ilisema pia nywele ziwe fupi kabisa, kama zilivyo kanuni za shule nyingi hapa kwetu, hata walio na hijabu. Tulimnyoa nyumbani siku mbili kabla, kwa utulivu, kuliko kunyolewa kwa haraka pale pale shuleni.

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, yaani mtoto alikuwa na wiki kama mbili tu bwenini. Simu zimekatazwa, kwa hiyo nani atamwamsha daku? Tulinunua saa ndogo ya mezani ya betri, yenye kengele, na betri mbili za akiba. Tulimfundisha kuiweka chini ya mto ili isiamshe bweni zima. Tende kilo moja na nusu, tumezifunga katika vifuko vya tende saba saba. Thamosi ndogo ya chai, na bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachobana.

Bakuli hilo ndilo lililofanya kazi kuliko vyote. Hapa Kampala mwezi wa Machi jua huzama kama saa moja jioni, na chakula cha usiku pale shuleni ni saa moja, hivyo futari haikuwa tatizo. Akifungua kwa tende anakwenda kwenye posho na maharage pamoja na wenzake. Tatizo ni daku, kwa kuwa jikoni hawawashi moto alfajiri kwa ajili ya watoto wachache. Mwalimu mlezi wa wanafunzi Waislamu alipanga nao kuwa kila anayefunga apewe sehemu yake ya pili usiku, aiweke kwenye chombo chenye kifuniko, aile kabla ya saa 11 na nusu. Waliokwenda na sahani bapa peke yake walipata taabu na mende. Tahadhari moja tunaiweka hapa: maharage yaliyokaa kwa joto huchacha. Tulimwambia ayanuse kwanza, na yakiwa na povu au harufu ya uchachu ayamwage, ale tende na unga wa soya uliokaangwa.

Fedha za matumizi tulimkabidhi matroni mbele ya mtoto, akaandika kwenye kitabu chake kiasi na kiwango cha kila wiki. Dawa za kichwa na malaria hatukuziweka sandukuni kabisa. Barua imesema ziende kwa nesi, na hapo barua iko sawa.

Siku ya kutembelea ilikuwa wiki ya sita. Binti alitupokea, akamsogeza mama pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kuwa imekuja, wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne wakati wa masomo ya jioni. Alikwenda sandukuni, akachukua mfuko mweusi, akafanya kama alivyofundishwa, akarudi darasani. Saumu aliiacha siku tano na akaziandika nyuma ya daftari la hesabu ili asisahau kuzilipa. Kisha akauliza kama zile pakiti tatu tumekuja nazo. Mama akashangaa, maana alitarajia nne za mwanzo bado zipo. Kumbe pakiti mbili aliwapa wasichana wawili wa kitanda cha jirani. Mmoja wao alikwenda na zile mbili za kwenye barua, zikaishia mwezi wa kwanza. Mwingine hakwenda na hata moja, kwa sababu nyumbani walimwambia bado ni mtoto.

Muhula ulipofungwa tulifanya jambo ambalo kwa kijana hatukulifanya. Kabla ya kufua chochote tulimwaga sanduku lote juu ya mkeka, tukafungua ule ukurasa wa daftari, na mtoto akatuambia kila kitu kiliisha lini. Sabuni ilibaki kipande kimoja. Tende ziliisha siku tatu kabla ya Idi. Mashuka yote manne yalirudi, soksi zilirudi jozi mbili kati ya sita, kijiko hakikurudi. Madaftari makubwa ya kurasa 96 yalikuwa 12 kwenye barua, na matatu yalirudi hayajafunguliwa, tukayarudisha sandukuni. Viatu vya kuogea vilikuwa vimebadilishana na vya mtu mwingine, mguu mmoja namba tano na mwingine namba sita.

Barua ya muhula wa pili ilikuwa nusu ukurasa: rimu moja, karatasi za chooni, fagio. Pakiti za pedi ziliandikwa mbili, vile vile. Mama akachukua daftari akaandika nane.